Saa inayonigonga mkononi: jibu kwa dada wa Kisauni

Wiki hii kuna dada wa Kisauni ameniandikia. Kakake aliyeko Dubai amemletea saa ya Apple kwa kuwa macho yamemlegea, na kijana wa duka la simu akamwashia VoiceOver, ile sauti inayomsomea asiyeona kilichopo kiooni, "imsaidie". Tangu siku hiyo, asema, saa imekuwa kiburi. Akigusa kitu inakitaja jina tu, hakifunguki. Anauliza aipeleke kwa fundi au airudishe Dubai.

Dadangu, usimpe fundi hata shilingi. VoiceOver ikiwashwa, mguso hubadilika maana: kugusa mara moja ni kuuliza "hapa pana nini?", na kugusa mara mbili haraka ndiko kufungua. Kwa asiyeona kabisa hiyo ni neema. Lakini wewe umeniandikia kwa mkono wako, simu ukiisogeza karibu na uso. Unachotaka ni kujua saa ngapi bila kuomba watu. Basi mwambie aliye karibu afungue programu ya Watch kwenye simu yako, aingie My Watch, kisha Accessibility, aizime VoiceOver. Saa itarudi kuwa mtiifu.

Sasa nikueleze nilikofikia mimi, maana safari yetu ni moja.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni kusherehesha harusi hapa Mombasa. Mshereheshaji asiyejua saa ngapi ni hasara kwa mwenye shughuli, kwa sababu kumbi zetu zina saa ya kufunga na ukipitiliza unalipishwa. Mimi nina presha ya macho. Katikati bado naona, pembeni kumekwenda. Kwa miaka nilikuwa nikiinua mkono hadi puani jukwaani ili nisome saa, na wageni wanaona. Harusi moja ya Majengo, ami yake bwana harusi alisema kwa sauti, tena karibu na maikrofoni, "Huyu mlimtoa wapi, hata saa haoni?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo hunifanya kitu.

Niliponunua saa hii, kila mtu alinishauri jambo moja: kuza maandishi. Nikaingia Settings, kisha Display & Brightness, kisha Text Size, nikavuta hadi mwisho, na Bold Text nikaiwasha. Ujumbe na menyu zikanenepa. Tarakimu za saa zenyewe hazikusogea hata kidogo, kwa sababu Text Size haigusi uso wa saa. Ukitaka tarakimu kubwa unabadilisha uso wenyewe, unachagua ule unaoitwa X-Large, ambao karibu kioo kizima ni saa na dakika. Aliyeharibika katikati ya jicho, uso huo utamfaa sana. Mimi ninayeona kwa tundu la katikati, herufi zikikuzwa kupita kiasi naona kipande tu cha tarakimu, nalazimika kuzungusha jicho kuikusanya. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka kubwa kabisa", kwanza muulize jicho lake limeharibika wapi. Na jua la saa saba mchana pale kivukoni Likoni halijali ukubwa wa herufi.

Pana njia ya kusemewa. Settings, Clock, halafu Speak Time. Unaweka vidole viwili juu ya uso wa saa, unavituliza, inakutajia saa kwa sauti, na haihitaji VoiceOver. Nyumbani naitumia kila asubuhi. Jukwaani haifai: muziki unaimeza, na pakiwa kimya wakati wa dua inasikika kwa kila mtu.

Kilichonivusha ni Taptic Time, iliyo palepale kwenye Clock. Saa ikiwa imenyamazishwa, vidole vilevile viwili haviifanyi iseme, vinaifanya ikugonge mkononi. Kuna mipigo mirefu na mifupi, na unachagua mtindo. Ukichagua Digits, kila mpigo mrefu ni saa kumi na kila mfupi ni saa moja. Halafu inapumua kidogo, na tena mrefu ni dakika kumi na mfupi ni dakika moja. Chukua 4:45. Utahisi mifupi minne, kituo, mirefu minne, mifupi mitano. Ni sahihi hadi dakika, lakini ni kuhesabu kumi na tatu huku mama mkwe anakunong'oneza kuhusu keki.

Mimi natumia Terse. Hapo mrefu ni saa tano, mfupi ni saa moja, na baada ya kituo kila mrefu ni robo. Ile 4:45 inakuwa mifupi minne, kituo, mirefu mitatu. Yaani saa kumi, robo tatu zimepita: saa kumi na moja kasorobo. Waliobuni mtindo huu sidhani walitufikiria, lakini sisi tumezaliwa tunasema na robo, na nusu, kasorobo. Mirefu ya mwisho ikiwa mmoja, miwili au mitatu, Mswahili hahitaji kufundishwa. Kinachobaki ni zile saa sita za kuongeza au kupunguza, na hizo tunazifanya usingizini. Kasoro yake ni kwamba inakupa robo tu. Nikihitaji dakika kamili, kama magharibi inakaribia, narudi Digits.

Wengi hukwama mahali pawili. Kwanza, Taptic Time inagoma kuwaka. Hapo ujue Speak Time imewekwa Always Speak. Iweke Control With Silent Mode, mlango utafunguka. Pili, unaweka vidole, hakuna mpigo, na uso wa saa unasinyaa kama unataka kubadilishwa. Maana yake kidole kimoja tu ndicho kilichogusa, na saa imedhani unataka uso mwingine. Bonyeza kitufe cha duara cha pembeni, urudi, kisha weka vidole viwili kwa pamoja, vikiachana kidogo.

Jumamosi iliyopita, ukumbi mmoja wa Ganjoni, tulitakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni. Babu yake bibi harusi alikuwa ameshika maikrofoni na hadithi za meli za zamani. Nikaweka mikono nyuma kama mtu mwenye adabu zake, vidole viwili juu ya saa. Mmoja mrefu, kituo, mmoja mrefu. Saa kumi na moja na robo, na keki bado. Nikamshukuru babu, nikaita keki. Tulitoka ukumbini kwa wakati, na mwenye harusi hakulipa senti ya ziada. Laiti yule ami angekuwepo.

Jizoeze ukiwa umekaa nyumbani, ukiwa tayari unajua saa ngapi. Usijifunzie kwenye matatu wala tuktuk, maana mtetemo wa injini huifuta mipigo mifupi, na utashuka Kongowea ukidhani ni saa mbili kumbe ni saa tatu. Spika kubwa za ukumbi nazo hufanya vivyo hivyo. Mimi husogea hatua chache kutoka zilipo kabla ya kuuliza. Na mkanda usiuache ukicheza. Joto letu linatufanya tuulegeze, lakini mgongo wa saa lazima ulale juu ya ngozi, la sivyo utasikia mirefu na kupoteza mifupi. Jasho likikukera, ivue, futa mkono, kaza tundu moja. Halafu niandikie umehesabu nini.