Kibao, statasi na risiti za fundi cherehani ziongee kwa sauti moja

Anza na risiti. Mafundi wengi hununua kitabu kilichochapwa tayari, na chini yake pameandikwa "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nje, kibao kinasema "Tunashona na kurekebisha." Kwenye statasi ya WhatsApp ni "Wapenzi, njooni mpendeze!" Sasa mteja ambaye gauni linambana kwapani ashike lipi? Wewe huuzi mali, unauza mshono, na nguo kurudi kuachiwa kidogo ni sehemu ya kazi.

Chapisha kitabu chako, na sentensi ya chini iwe vile unavyoitamka dukani: "Nguo ikikubana au ikikupwaya, irudishe ndani ya siku 7, tunarekebisha bure." Ahadi hiyo inakufuata mpaka kwenye meza ya kukatia. Ukiacha akiba ya sentimita 1 tu ubavuni, hutakuwa na cha kuachia. Acha 2 hadi 3.

Sentensi hiyo imeshaamua lugha ya duka zima. Mnasema "tunarekebisha", si "narekebisha". Mteja ni "wewe", hageuki kuwa "wapenzi" leo na "mteja mtukufu" kesho. Muda unatajwa kwa siku, si "haraka sana".

Statasi ikifuata lugha hiyo husomeka hivi: "Gauni hili tunalishona kwa siku 5. Leta kitenge yadi 4, bitana tunayo." Utani uwepo kama ndivyo mlivyo, ila usiguse bei wala siku ya kuchukua, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Sauti hupotea zaidi pale simu inapokuwa mikononi mwa msaidizi. WhatsApp Business inakuruhusu kuhifadhi majibu ya haraka, akiandika `/tayari`, litokee hili: "Nguo yako iko tayari. Njoo uijaribu hapa dukani kabla ya kumalizia malipo." Kiasi kilichobaki akiongeze mwenyewe kutoka kwenye risiti. Salamu nazo zifuate mtu: mama mtu mzima apewe shikamoo yake, halafu maneno ya kazi yabaki yale yale.

Kibao kiwe cha mwisho, kwa kuwa kukifuta ni gharama. Jina, kazi mnayoifanya zaidi, namba ya simu, basi: "Tunashona magauni ya vitenge na sare za shule." Kwa kila mita 3 za umbali, herufi isipungue sentimita 2.5 kwa urefu. Msomaji akiwa ng'ambo ya barabara, mita 12, unahitaji sentimita 10, na hapo utaona mwenyewe kwamba maneno mengi hayaenei.

Mpe mchoraji maneno kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, jina likiwa kama lilivyo kwenye risiti na Instagram. Wachoraji wana mkono mwepesi wa kuongeza "wataalamu wa mitindo yote" wakiona nafasi imebaki. Mwambie achore kwanza kwa chaki, uvuke barabara usome, ndipo afungue kopo la rangi.