"Nili-" zinazojificha kwenye insha

"Nimeambiwa insha yangu ina 'nili' nyingi mno, lakini nikiisoma sizioni. Nifanyeje?"

Isome kwa sauti, ndugu yangu, polepole, kalamu mkononi. Jicho likishazoea neno huliruka. Mdomo hauna budi kulitamka. Usisimame kurekebisha. Unapojikwaa, au pumzi inapokata kabla ya nukta, weka alama tu uendelee. Kisha rudi usome neno la kwanza la kila sentensi peke yake.

Juzi nilisoma rasimu yangu hivi: "Nilifika stendi alfajiri. Nilikata tiketi. Nilimwona mama mmoja analia. Nilimsogelea." Ni kama kupigilia misumari. Nikageuza: "Stendi nilifika alfajiri, nikakata tiketi. Kando ya dirisha mama mmoja alikuwa analia. Nikamsogelea." Hiyo -ka- imeunganisha matendo mawili, na "nilimwona" nimeitoa kwa sababu msomaji anajua anayetazama ni mimi. Ila "nika-" nazo zikifuatana nne au tano hugonga vilevile, kwa hiyo ukimaliza kurekebisha soma tena. Sentensi ya mwisho niliiacha fupi makusudi. Pale nilitaka sauti itue.