Swali la chanzo lisilojibiwa kwa neno "upendeleo"

"Nikiuliza kama waraka unaaminika, darasa zima linaandika 'una upendeleo, haufai'. Nitungeje swali?"

Mwalimu mwenzangu, kosa liko kwenye swali: halisemi waraka unaaminika kwa kujua nini. Chukua mkataba wa Karl Peters na Mangungo wa Msovero, wa Novemba 1884. Juu yake andika nani aliuandaa, lini, na kwamba baadaye ulipelekwa Berlin. Kisha uliza mawili:

(a) Waraka huu unafaa kiasi gani kujua Mangungo alikubali nini?
(b) Unafaa kiasi gani kujua Peters alitaka Berlin iamini nini?

Kwenye (a) haufai sana, maana maneno ni ya Peters, na Mangungo anasikika kupitia kwake tu. Kwenye (b) ni dhahabu, kwa sababu ileile: Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kuegemea mikataba ya namna hii. Hapo mwanafunzi anaona upendeleo wenyewe ni ushahidi.

Kwenye kusahihisha, neno "upendeleo" peke yake mimi silipi hata alama moja. Anukuu kifungu, aseme kinamnufaisha nani. Anayerudia jibu la (a) kwenye (b) hajasoma waraka, amekariri.