Beberu kwanza, pumba baadaye

"Wakuu, niko Chamwino, nina mbuzi majike 28. Wiki ijayo naanza kuwapa pumba ili wapate mapacha na wazae kwa pamoja. Niwape kiasi gani kwa siku? Beberu ninaye humo humo zizini."

Mkuu, usinunue hata debe moja. Huyo beberu atoke kwanza.

Mimi niko Kongwa. Muuza vyakula vya mifugo aliniambia nimwage pumba na mashudu ya alizeti kwa wiki tatu, mapacha yatakuja. Hakuuliza kama beberu analala na majike. Alitaka kuuza tu, na mpaka leo nina hasira naye. Majike 32, gramu 300 kila mmoja kwa siku, siku 21: zaidi ya kilo 200 zikaisha.

Dalili nilikuwa naiona ila sikuielewa. Mbuzi asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo ndani ya wiki tatu hizo zizi zima lilipaswa kupiga kelele na kutikisa mikia. Nilimwona mmoja tu. Beberu alishinda amelala chini ya mgunga. Wengi walishakuwa na mimba za miezi tofauti, na pumba haiongezi pacha kwenye mimba iliyokwisha kutunga.

Wakazaa kuanzia Septemba mpaka Februari. Wa Septemba na Oktoba ndio walioniumiza: malisho yamekauka, mama hana maziwa. Kuna kitoto kilisukuma kiwele kwa kichwa asubuhi nzima, kikalala, midomo ya baridi, hakikuamka. Nilizika 11.

Kumtoa beberu mwezi mmoja hakutoshi, maana mimba ni miezi mitano. Nilimpeleka kijiji kingine katikati ya Machi, mbali asionekane wala harufu yake isifike, nikamrudisha Agosti 20. Kufikia hapo kila mwenye mimba alishazaa. Pumba nilianza wiki tatu kabla hajarudi, kidogo kidogo wasiharibikiwe tumbo, nikaendelea wiki tatu baada ya hapo, kisha nikapunguza polepole. Nilimpa aliyekonda tu, yule ambaye ukipapasa mgongo unahesabu mifupa. Mnene haongezi kitu.

Majike yaliyokaa mbali na dume yakimwona ghafla huchangamka karibu kwa pamoja. Nilimwacha siku 42, yaani mizunguko miwili, nikamtoa tena. Kuanzia katikati ya Januari wakazaa 27, wengi ndani ya wiki tatu, majani yakiwa mabichi.

Na vidume vidogo uvitenge au uvihasi kabla ya miezi minne, vinapandisha hata mama zao. Beberu wa jirani mnayekutana naye lamboni ni hatari ile ile. Kaa na jirani mkubaliane, na beberu wake afungiwe ngozi chini ya tumbo akienda machungani.