Mdoli wa Kahawia Peke Yake Hautoshi: Namna ya Kukagua Midoli na Vitabu vya Picha

Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Wamarekani weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba midoli minne. Yote ilikuwa na umbo lilelile. Miwili ilikuwa myeupe yenye nywele za njano, miwili ya kahawia yenye nywele nyeusi. Mtoto aliambiwa atoe anaotaka kuuchezea, kisha ulio mzuri, kisha unaoonekana mbaya. Asilimia 67 walichagua mweupe wa kuchezea, na asilimia 59 walisema wa kahawia ndio mbaya. Walipoambiwa waonyeshe unaofanana nao, baadhi walilia.

Jaribio hilo halithibitishi kwamba mdoli ndio chanzo. Linaonyesha kwamba kabla ya kujua kusoma, mtoto ameshapanga rangi za ngozi kwa ubora. Rafu yenye wahusika weupe watupu humthibitishia mpangilio huo kila siku, bila mtu mzima kusema neno.

Watengenezaji walipoanza kubadilika, wengi walichukua njia ya mkato. Kalibu ya kumimina kichwa cha plastiki ni ghali, kwa hiyo walimimina plastiki ya kahawia katika kalibu ya mdoli mweupe. Ndivyo kampuni ya Mattel ilivyofanya mwaka 1967 kwa Francie mweusi: ngozi ilibadilika, sura ikabaki ya mzungu. Mwaka uliofuata kampuni ya Shindana, iliyoanzishwa na Waamerika weusi mjini Los Angeles na kujipa jina la Kiswahili, ikatoa Baby Nancy aliyechongwa upya, pua na midomo ikiwa ya mtoto mweusi. Baadaye wakamtoa na nywele fupi za kipilipili.

Dukani, tofauti hiyo unaweza kuiona kwa dakika moja. Uweke mdoli mweusi kando ya mweupe wa kampuni ileile, uigeuze yote miwili upande, kisha ulinganishe mstari wa pua, midomo na kidevu. Ikilingana kabisa, umeuziwa rangi tu. Halafu zungusha mkono wa mdoli utazame unapoingia begani. Plastiki iliyotiwa rangi tangu kiwandani ni kahawia hadi ndani, lakini iliyopakwa juu hukwanguka hapo kwanza na weupe ukatokeza. Kwa sababu hiyo hatushauri kupaka rangi ya maji mdoli mweupe wa plastiki laini nyumbani. Plastiki hiyo hupinda na rangi haipindi nayo, basi hupasuka na kubanduka, na mtoto huiweka mdomoni. Afadhali umshonee wa kitambaa cha kahawia, nywele za uzi wa sufu zinazosukika. Macho yatarizi kwa uzi. Vifungo hung'oka na kumkaba mtoto mdogo.

Kwenye vitabu kasoro kubwa ipo kwenye uchapaji, na wazazi wengi hawaijui. Karatasi ya bei nafuu isiyong'aa hunywa wino, vitone vyake vikatanuka, na rangi za kahawia zikazidi kuwa nzito. Sura iliyopendeza kwenye kompyuta ya mchoraji hutoka kitabuni ikiwa doa, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Mchapishaji akiliona hilo, mara nyingi humwambia mchoraji ang'arishe wahusika, na hivyo mtoto mweusi ti hupotea hata katika kitabu cha Kiafrika. Dawa yake ni nyingine: kahawia ijengwe kwa wino wa njano, majenta na samawati, wino mweusi uwekwe kidogo sana, mhusika apate mwanga wa upande mmoja ili shavu na pua vijitokeze, na nyuma yake pawe na rangi nyepesi. Kisha ichapwe kurasa moja au mbili za majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, kabla ya nakala zote.

Unaponunua, fungua ukurasa wenye familia au kijiji kizima. Angalia nani ni maji ya kunde na nani ni mweusi zaidi, halafu uulize kila mmoja anafanya nini. Ikiwa binti mzuri ni mweupe kuliko mama yake, na mchawi au mwizi ndiye mweusi kuliko wote, kitabu hicho kinafundisha kilekile kilichoonekana kwa akina Clark, ingawa hakina mzungu hata mmoja. Tafuta kinachompa mtoto mweusi ti kazi ya kutatua jambo, acheke, akosee, aulize maswali.

Fedha zikiwa chache, mradi wa African Storybook una hadithi za picha za Kiswahili zinazosomwa na kupakuliwa bure. Ukizichapa mwenyewe, anza na ukurasa mmoja wenye uso mkubwa. Ukitoka mzito, ongeza mwangaza wa ukurasa wote kwenye mipangilio ya printa, uchape tena uone kama mstari wa pua na midomo unasomeka, ndipo uchape zilizobaki.