Jibu: Gharama ya kusafirisha magunia haishuki

> "Wakuu, nina magunia 10 ghala la Kizota na 10 Nala. Duka la Majengo linataka 10, la Ipagala 10. Nachukua njia nafuu kila mara, programu inatoa 13,000 ila kwa mkono napata 9,000. Kosa liko wapi?"

Mkuu, grafu yako haina mishale ya kurudi. Tuseme kila gunia ni hivi: Kizota–Majengo 300, Kizota–Ipagala 400, Nala–Majengo 500, Nala–Ipagala 1,000. Duru ya kwanza inapeleka 10 Kizota–Majengo, 3,000. Hapo Kizota imekwisha, na wewe unabaki na Nala–Ipagala ya 1,000.

Ukiwa na mshale wa kurudi, Majengo→Kizota wenye gharama -300, njia fupi zaidi inakuwa Nala→Majengo→Kizota→Ipagala: 500 - 300 + 400 = 600. Maana yake Nala inahudumia Majengo, na mzigo wa Kizota unahamia Ipagala. 3,000 + 6,000 ni 9,000 yako.

```
ongeza(u, v, uwezo, gharama)
ongeza(v, u, 0, -gharama)
```

Kila ukisukuma mzigo, punguza uwezo wa mbele na uongeze wa nyuma kwa kiasi kilekile.

Angalizo: Dijkstra ya kawaida hupotea kwenye gharama hasi. Kwa grafu ndogo kama hii tumia Bellman-Ford tu, inatosha kabisa. Kisha chapisha gharama ya kila njia: hapa ni 300, halafu 600. Haipaswi kushuka hata mara moja. Ikishuka, kagua alama ya kutoa kwanza.