"Bado tu?" Namna tulivyoomba swali hili likome

Huu ni mwaka wetu wa nane kwenye ndoa. Kila Desemba tunapanda Rombo kwa wakwe, na kila Desemba, mizigo haijashuka hata garini, mtu ananitazama tumboni kisha usoni: "Vipi, bado tu?"

Miaka ya mwanzo nilikuwa najibu "tunajipanga". Nilijiponza. Anayejipanga huulizwa amefika wapi, na mwaka uliofuata swali lilirudi likiwa na nasaha: acheni kukimbilia pesa, umri unakwenda. Nikageuka upande wa pili, nikamfungukia shangazi wa mume wangu yote: mimba mbili zilizoharibika, eksirei ya mirija, vidonge vya kupevusha mayai. Mkesha wa Krismasi nilikuwa nimeshaletewa chupa mbili za mizizi na namba ya simu ya mwombezi. Shangazi hakuwa na ubaya. Nilimtajia ugonjwa, akatafuta dawa.

Kilichotusaidia ni kwamba mume wangu aliongea na kwao mwenyewe. Mkwe akisema "msiniulize" anaonekana ana kiburi. Mtoto wa nyumbani akisema maneno yale yale, ni ombi. Alipiga simu mwishoni mwa Novemba, mama yake akiwa peke yake, wala hakusubiri tukae barazani mbele ya watu. Maneno tulikuwa tumeyapanga usiku:

"Mama, suala la mtoto tunalihangaikia sisi wawili. Tukiulizwa tunaumia. Nakuomba usituulize tena, na utusaidie kuwaambia shangazi na wadogo zangu. Siku kukiwa na habari, wewe utakuwa wa kwanza kuijua."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Mama mkwe alikuwa anauliza sana kwa kuogopa kuachwa nje.

Lakini jiandaeni kwa swali linalofuata, maana alilitoa papo hapo: "Shida ni ya nani?" Jibu tulikuwa nalo: "Ni yetu, mama." Hata kama majibu ya hospitali yanaonyesha upande mmoja, msiyatoe. Ukitajwa wewe mke, mumeo ataanza kutafutiwa mwingine. Akitajwa yeye, atachekwa vilabuni.

Haikukoma siku moja. Pasaka, kwenye ubatizo, mama mkwe alinibebesha kichanga mbele ya watu: "Shika, upate baraka." Hakuuliza, lakini nilikwenda kulia nyuma ya migomba. Mume wangu alimpigia tena, safari hii akamtajia tukio lenyewe, kwa sababu kumbe yeye alidhani ananifariji.

Kwa majirani sihangaiki hivyo. Nasema "hilo naomba tusiliongelee", kisha nauliza habari za kahawa.

Desemba iliyopita shangazi alinikuta jikoni, akanitazama tumboni. "Vipi, mwanangu, ba..."

"Wifi," mama mkwe akamkatiza bila kugeuka, "hebu mpe kata ya mbege huyo, ametoka mbali."

Nikapokea kata kwa mikono miwili.